Mashine ziko Mombasa, mradi unaisha Desemba: kuomba muda bila pesa mpya

*"Sisi ni shirika dogo hapa Bungoma. Mradi wetu wa miezi 18 wa kukausha mahindi unaisha 31 Desemba. Fedha ni za Umoja wa Ulaya, ila tunazipata kupitia shirika la kimataifa lenye ofisi Nairobi. Vikaushio viwili tulivyoagiza Juni vimekwama bandarini, na muuzaji anasema vitafika mwisho wa Novemba, mavuno yakiwa yameisha. Tenda ya kwanza ilivunjika, na kwa ya pili tulilazimika kubadilisha vipimo vya umeme. Mwenzangu anasema nimlipe muuzaji pesa zote kabla ya Desemba ili hesabu zifunge. Mwingine anasema niombe miezi mitatu, na kwamba siku kumi kabla ya mwisho zinatosha. Naogopa afisa wa ruzuku ataona tumeshindwa kazi. Nimwandikie nini, na lini?"*

Dada, barua iondoke mwezi huu wa Oktoba. Usingoje mashine zifike ndipo uandike. Ila kabla ya barua mpigie afisa wako simu, umuulize jambo moja tu: mkataba wao wenyewe na Umoja wa Ulaya unaisha lini?

Swali hilo linabeba mambo yote mengine, na ajabu ni kwamba wengi hawaliulizi. Ruzuku yenu ni tawi la mkataba mkubwa uliosainiwa na shirika la Nairobi. Tawi haliwezi kuishi kuliko mti. Kama mkataba mkubwa unaendelea hadi mwisho wa mwaka ujao, shirika la Nairobi lina nafasi ya kuwaongezea muda ndani ya muda wao, na huenda jambo likaishia mezani kwa meneja wao. Kama mkataba mkubwa nao unaisha Machi, hawawezi kuwapa hata siku moja ya Aprili mpaka wao wenyewe waombe nyongeza huko juu. Hilo ni faili jingine, lenye watu wengine na wiki nyingine. Usipojua tarehe hiyo utaandika ombi zuri la miezi kumi kwa mtu asiye na zaidi ya miezi mitatu ya kutoa.

Kuhusu hofu yako. Nilikaa miaka sita Kisumu upande wa pili wa meza, nikipokea barua za namna hii kutoka mashirika ya Magharibi na Nyanza. Sikumbuki hata mara moja nikimwona mtu ameshindwa kwa sababu meli ilichelewa. Ununuzi huchelewa, na kila afisa wa ruzuku anajua. Kilichonikosesha usingizi ni kitu kingine: kufungua ripoti ya mwisho na kukuta bajeti ya mashine haijaguswa, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Afisa wako mara nyingi hana mamlaka ya kusema ndiyo. Kazi yake ni kulibeba faili lako hadi kwa mtu ambaye hajawahi kufika Bungoma na kumweleza kwa nini akubali. Kwa hiyo usimwandikie barua ya kuomba msamaha. Mwandikie barua ambayo anaweza kuipeleka mbele ilivyo, bila kuongeza neno lake.

Hizo siku kumi mwenzako hakuzitunga. Zinatoka kwenye kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, kifungu cha 2 CFR 200.308. Kinampa mfadhili nafasi ya kumruhusu mpokeaji arefushe muda mara moja, kwa miezi isiyozidi 12, ilimradi ajulishe kwa maandishi angalau siku kumi kabla ya muda kwisha. Mashirika mengi ya huku kwetu yalilelewa na fedha za Marekani, na kanuni hiyo imebaki midomoni mwa watu kama methali. Lakini hata chini ya fedha hizo, ruhusa ni ya aliyesaini na serikali, si ya aliye chini yake kama ninyi. Na kifungu hichohicho kinakataza kurefusha muda kwa ajili tu ya kumalizia pesa zilizobaki.

Fedha zenu ni za Ulaya. Masharti ya jumla ya mikataba ya ruzuku ambayo Umoja wa Ulaya hufunga kwa miradi ya nje yanadai mambo mawili. Kwanza, mwenye mkataba atoe taarifa bila kukawia mara tu anapoona jambo linaloweza kuchelewesha kazi. Pili, ombi la kurefusha muda lipelekwe si chini ya mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, likiwa na ushahidi wake. Kama ombi lenu litalazimika kupanda hadi huko, hesabu kurudi nyuma. Mradi unaisha 31 Desemba, kwa hiyo ombi liwe limefika kabla ya mwisho wa Novemba. Nairobi watahitaji wiki tatu au nne za kulisoma, kuwauliza maswali na kuliunganisha na la kwao. Ndiyo maana nasema Oktoba. Kisha fungua mkataba wenu wenyewe, sehemu ya marekebisho, kwa sababu shirika la Nairobi linaweza kuwa limeweka tarehe kali zaidi, na kwenu ninyi hiyo ndiyo sheria.

Ushauri wa kumlipa muuzaji pesa zote kabla ya Desemba ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Naelewa unakotoka: bajeti ionekane imetumika, ripoti ipite, mashine zitakuja zenyewe. Shida ni kwamba mkaguzi wa hesabu haangalii risiti peke yake. Ataomba hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa na mtu wenu wa stoo, na tarehe yake. Akikuta mmelipa Desemba kwa kitu kilichofika Februari, baada ya mradi kwisha, atauliza kitu hicho kilitumika lini ndani ya mradi. Jibu ni kwamba hakikutumika. Hapo gharama yote inaweza kukataliwa, na shirika lenu likatakiwa kuirudisha kutoka mfukoni mwake. Zaidi ya hapo, salio mlilo nalo ndilo kamba pekee mliyomfunga nayo muuzaji. Mtu aliyelipwa zote hana haraka ya kukimbilia Mombasa.

Na ukiwa unaitazama oda, tazama bei imefika wapi. Kama imeandikwa kwamba bei ni ya mzigo uliofikishwa Bungoma, basi malipo ya mzigo kukaa bandarini ni ya muuzaji. Akikuletea ankara ya malipo hayo, mrudishie. Usiyaingize kwenye ruzuku hata kama bajeti ina nafasi, kwa sababu ni gharama iliyotokana na kosa la mtu mwingine, na mfadhili hatakubali kuilipia.

Sasa miezi mitatu. Kila mtu huomba miezi mitatu kwa sababu inasikika kama adabu. Lakini muda haupimwi kwa urefu wa ucheleweshaji. Unapimwa kwa kazi iliyobaki, na kazi yenu inafuata msimu. Vikaushio vikifika mwisho wa Novemba, vikafungwa Januari, mtakausha nini? Mahindi ya msimu mkubwa yatakuwa yameshauzwa au yameshaoza. Kutakuwa na mahindi machache ya msimu wa pili yanayovunwa Januari huko nyanda za chini, Bumula na pande zile. Yanatosha kuijaribu mashine na kuwafundisha vijana wa ushirika kuiendesha. Hayatoshi kufikia wakulima mlioahidi, wala kuonyesha kwamba mahindi yanayovunwa kwenye mvua yanaweza kushushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5, kiwango ambacho soko na maghala ya nafaka yanadai. Ucheleweshaji ulikuwa wa kama miezi mitatu, ila umewakosesha mavuno ya mwaka mzima. Mkiomba miezi mitatu, Machi mtarudi kuomba mingine, na ombi la pili halina heshima ya la kwanza.

Kwa hiyo jenga ratiba kutoka shambani. Januari na Februari: kufunga mashine, kuzijaribu kwa mahindi ya msimu wa pili, kufundisha. Machi hadi Juni: wakulima wanapanda na kupalilia, ninyi hamna la kufanya zaidi ya kutunza mashine na kusajili wakulima. Julai: kuandaa vituo. Agosti hadi Oktoba: mavuno ya nyanda za chini, kazi kamili, vipimo vya unyevu vikiandikwa kwa kila mkulima. Mwisho 31 Oktoba, yaani miezi kumi. Msiongeze hadi Desemba kwa ajili ya mavuno ya Mlima Elgoni. Yale ya chini yanatosha kuthibitisha kazi, na afisa atapenda kuona mmekata palipostahili kukatwa.

Sasa pesa, maana hapa ndipo wengi huanguka. Tunasema nyongeza hii haina pesa mpya, na watu husikia kwamba haina gharama. Miezi kumi ina gharama: mishahara, kodi ya ofisi, mafuta ya pikipiki. Mfadhili anachosema ni kwamba hataongeza shilingi. Nitakupigia mfano wa hesabu, nawe uweke namba zenu.

Tuseme timu na ofisi vinakula shilingi 310,000 kwa mwezi. Miezi kumi ni milioni 3.1. Tuseme mnatarajia kuingia Januari na milioni 5.1 benki, mkadhani mmepona. Lakini milioni 3.64 kati ya hizo ni salio la vikaushio baada ya kutoa arubuni ya asilimia 30, na 820,000 ni za mafunzo ya wakulima. Zote mbili zina mwenyewe. Pesa huru kweli, zilizobaki kwa kubana matumizi, ni 640,000. Kwa timu yenu ya leo hizo ni miezi miwili na siku chache.

Kwa hiyo timu haiwezi kubaki ilivyo. Mratibu nusu muda na afisa mmoja wa nyanjani, pamoja na mhasibu kwa siku chache, tuseme 130,000 kwa mwezi, kwa Januari na Februari: 260,000. Machi hadi Juni, mratibu siku moja kwa wiki na mhasibu kidogo, 32,000 kwa mwezi: 128,000. Julai hadi Oktoba mrudi kwenye 130,000: 520,000. Jumla 908,000. Ukitoa 640,000, pengo ni 268,000. Hapo angalia bajeti yenu kama kuna mstari wa sherehe ya kukabidhi mashine, mahema na viti na wageni wa kaunti. Tuseme mna 180,000 za sherehe. Zihamishe, mashine zikabidhiwe kwa chai na mandazi. Zilizobaki, 88,000, shirika lenu lichangie, na liandike hivyo kwenye ombi. Afisa akiona mmetia chenu, barua inakuwa nyepesi kwake kuibeba.

Usiguse 820,000 za mafunzo ili kulipa mishahara. Kuhamisha pesa kutoka shughuli kwenda utawala ndilo jambo la kwanza linalotafutwa katika bajeti ya namna hii. Na keti na wafanyakazi kabla ya kuandika, maana unapanga kuwapunguzia muda. Mikataba yao bila shaka inaisha na mradi, kwa hiyo kutakuwa na mikataba mipya ya muda mfupi. Wengine hawataikubali. Heri ujue sasa kuliko Januari.

Sasa sababu za kuchelewa. Kishawishi ni kumtupia muuzaji yote, kwa kuwa kosa lake linaonekana. Alisafirisha mzigo bila cheti cha ukaguzi ambacho Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) hudai kipatikane kabla bidhaa haijaondoka huko inakotoka? Kama ndiyo, sema, na uambatanishe barua yake. Kama sababu ni nyingine, mwambie aiandike kwa karatasi yenye nembo yake, na tarehe mpya aitie sahihi. "Muuzaji anasema" si ushahidi.

Lakini afisa atasoma ratiba yenu kuanzia juu. Mradi wa miezi 18 unaoisha Desemba ulianza Julai ya mwaka jana, na oda ilitoka Juni mwaka huu. Atauliza hiyo miezi kumi na moja mlikuwa wapi, kabla hata hajafika kwenye meli. Jibu liwe ndani ya barua. Awamu ya kwanza ya fedha iliingia lini? Tenda ilitangazwa lini, walijitokeza wangapi, wangapi walitimiza masharti? Na kwa ile ya pili, sema wazi kwamba mliandika mashine ya umeme wa fezi tatu ilhali stoo za ushirika zina fezi moja, mkalazimika kurekebisha. Nakisia hilo ndilo badiliko lenu, kwa sababu nimeliona mara nyingi vijijini. Kama ni jingine, liweke hilo. Kosa mlilolikiri kwa sentensi mbili linapita. Kosa atakalolichimba mwenyewe kwenye kumbukumbu za tenda litamfanya asiamini hata yale ya kweli.

Kisa changu mwenyewe, kabla sijawa afisa. Nikiwa mratibu wa mradi mdogo wa visima, pampu zilichelewa. Nilificha kwamba sisi ndio tuliopoteza mwezi mzima kwa kukosa sahihi ya pili ya benki. Afisa aliomba taarifa ya benki kwa sababu nyingine kabisa, akaona tarehe. Nyongeza tulipata, lakini kuanzia siku hiyo kila malipo yetu yaliombwa nakala tatu.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja na nusu, usizidi. Mfadhili akitaka Kiingereza utaigeuza, ila mpangilio uwe kama huu:

*"Tunaomba muda wa mradi urefushwe kwa miezi 10, kutoka 31 Desemba hadi 31 Oktoba, bila nyongeza ya fedha. Malengo ya mradi na idadi ya wakulima havibadiliki.*

*Vikaushio viwili vilivyopangwa kutumika katika mavuno ya mwaka huu vitafika baada ya mavuno. Tenda ya kwanza ilifutwa kwa kukosa washindani wanaotimiza masharti. Katika tenda ya pili tulirekebisha vipimo vya umeme ambavyo sisi wenyewe tulivikosea. Oda ilisainiwa Juni. Shehena ilizuiwa bandarini, na muuzaji amethibitisha kwa maandishi tarehe mpya ya kufikisha (kiambatisho cha 2).*

*Shughuli nyingine zote zimekamilika au zitakamilika kufikia Desemba. Shughuli pekee inayohitaji muda ni ukaushaji katika msimu wa Agosti hadi Oktoba, kama ratiba inavyoonyesha (kiambatisho cha 3).*

*Gharama za kuendesha mradi katika muda huo ni shilingi 908,000. Zitatoka kwenye salio lililobanwa, mstari wa sherehe ambao tunaomba kuufuta, na mchango wa shirika letu (kiambatisho cha 4).*

*Ili ucheleweshaji usijirudie, salio la muuzaji litalipwa baada ya mashine kufika, kufungwa na kufanya kazi mbele ya fundi wetu."*

Tazama kwamba sentensi ya kwanza ina ombi lote. Watu wetu tumezoea kuanza na salamu na historia ya shirika tangu kusajiliwa, na ombi likajificha ukurasa wa pili. Afisa mwenye barua arobaini hafiki huko. Na neno "salio" lisije likaonekana kama ndilo sababu. Ukiandika kwamba mnaomba muda kwa kuwa pesa zimebaki, umejifungia mlango mwenyewe. Sababu ni kazi ambayo haijafanyika.

Viambatisho: mpangilio wa tarehe za ununuzi, oda na barua ya muuzaji, ratiba mpya, bajeti ya mstari kwa mstari yenye matumizi hadi sasa. Inatosha. Kumbukumbu za kamati ya tenda weka tayari, usitume mpaka ziombwe.

Akikujibu kwa simu "hiyo itapita tu", mshukuru, kisha endelea kuishi kana kwamba jibu ni hapana. Kinachobadilisha tarehe ya mkataba ni nyaraka iliyosainiwa na pande zote mbili kabla ya 31 Desemba, au barua rasmi kama mkataba wenu unaruhusu. Matumizi ya Januari bila karatasi hiyo ni yenu, hata kama afisa alikubali kwa moyo wake wote. Afisa anaweza kuhama kazi wiki ijayo. Ikisainiwa, kumbuka kwamba bima ya mashine, kibali cha stoo za ushirika, makubaliano na kaunti na tarehe ya ukaguzi wa hesabu vilikuwa vimefungwa kwenye Desemba ileile. Vyote visogezwe.

Inawezekana afisa akakuambia kwamba mkataba mkubwa unaisha, tuseme, Aprili, na hautarefushwa. Hapo miezi kumi haipo, na kuing'ang'ania ni kupoteza hata ile michache. Omba hadi Machi, lakini omba pia kubadilisha lengo: vikaushio vifungwe, vijaribiwe kwa mahindi ya msimu wa pili, ushirika ukabidhiwe kwa makubaliano ya maandishi kwamba utawakaushia wakulima waliosajiliwa kuanzia Agosti. Idadi ya wakulima ndani ya mradi itashuka sana, na iandike ilivyo. Sitakuficha, hilo ni tokeo hafifu kuliko mlivyoahidi, na ripoti yenu itaonyesha hivyo. Lakini mashine zitakuwa Bungoma kihalali, zimelipiwa ndani ya muda, na hakuna atakayedai pesa zirudi. Ushirika ukitaka kutoza ada ya kukausha wakati mradi bado haujafungwa, muulize afisa kwanza, maana ada hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa mapato ya mradi.

Njia ya tatu ni kukatisha oda, kurudisha pesa na kufunga. Nitaitaja kwa sababu kuna wakati ndiyo ya haki: muuzaji akishindwa kukuonyesha hati ya shehena. Hati ya shehena ni karatasi inayothibitisha kwamba mzigo ulipakiwa kweli melini, wa nani, na siku gani. Iombe kesho. Asiyeweza kuitoa ndani ya siku chache huenda hana mzigo Mombasa, ana hadithi tu. Hapo usinisome mimi tena. Chukua oda, risiti ya arubuni na barua pepe zote, nenda kwa wakili pale Bungoma au Kisumu, na siku hiyohiyo umjulishe afisa wa ruzuku kwa maandishi. Nenda pia ukaonane na mtu ana kwa ana, mhasibu wa nje au mkaguzi wenu, kama tayari kuna pesa za vikaushio zilizotumika kulipa mshahara au kitu kingine hata kwa muda, mkitarajia kuzirudisha. Hilo haliandikwi kwenye barua ya kuomba muda kabla mtu mwenye taaluma hajaziangalia hesabu.

Na ofisi ya Nairobi isipokujibu, usikae kimya kwa adabu. Wiki mbili baada ya kutuma, mwandikie tena juu ya barua ileile, ukimwuliza kama kuna kitu kinachokosekana. Ikifika katikati ya Novemba bila jibu, panda basi la usiku, ufike ofisini kwao asubuhi na nakala iliyochapishwa, uombe dakika kumi na meneja wake.